Kava la podikasti hupimwa kwenye sentimita moja

Vijana wanaoanzisha podikasti Mbeya, Iringa na Njombe wana swali moja ambalo haliishi. Kava limetengenezwa kwa pikseli 3000 kwa 3000, kama ilivyoelekezwa. Limetumwa kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu amesifu: "Kaka, limeiva." Wiki moja baadaye podikasti ipo hewani, mtu anaitafuta kwenye simu yake na jina halisomeki. Hapo lawama zinaanza. Mmoja anamlaumu dizaina, mwingine anasema simu ni ya bei rahisi, mwingine anadai mtandao umeshusha ubora wa picha.

Mara nyingi hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepatia. Faili ni zuri na simu haina tatizo. Kilichokosewa ni mahali kava lilipohukumiwa: watu walilitazama likiwa limejaa kioo kizima, ilhali msikilizaji hukutana nalo likiwa dogo kuliko kidole gumba.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Podikasti ni kipindi cha sauti kinachopakiwa mtandaoni, mtu akakisikiliza wakati wowote kupitia aplikesheni kama Spotify, Apple Podcasts au Pocket Casts. Kava ni ile picha ya mraba inayokitambulisha kipindi. Pikseli ni nukta moja ya rangi, na picha yoyote ya kwenye simu ni nukta za namna hiyo zilizopangwa kwa safu. Apple inataka kava liwe na pikseli kati ya 1400 na 3000 kila upande, na kipimo hicho ndicho kilichowafanya wengi waamini kwamba pikseli zikiwa nyingi basi jina litasomeka.

Sasa fuata safari ya picha hiyo hadi kwenye kioo. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita sita na nusu hadi saba. Picha uliyotumiwa WhatsApp ukiifungua, inajaza upana wote huo. Lakini kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji ndani ya aplikesheni, kava hilohilo hupewa kisanduku cha sentimita moja hivi kila upande, na chini kabisa, kwenye kile kipande kinachoonyesha unachosikiliza kwa sasa, huwa dogo zaidi ya hapo. Kutoka sentimita sita na nusu hadi moja, upande umepungua zaidi ya mara sita na eneo limepungua zaidi ya mara arobaini. Herufi iliyokuwa na urefu wa milimita sita ulipoisifia, sasa haifiki milimita moja.

Na zile pikseli 3000 zimeenda wapi? Kwenye simu nyingi za bei nafuu, kisanduku cha orodha kina pikseli 112 hivi kila upande. Ina maana kila pikseli moja unayoiona imebeba wastani wa eneo la pikseli 27 kwa 27 za faili lako, yaani zaidi ya pikseli 700 zilizochanganywa na kuwa rangi moja. Hapo ndipo mstari mwembamba unapopotelea. Kama umechora herufi zenye unene wa pikseli 20 kwenye faili la 3000, kila mstari wa herufi utapata chini ya pikseli moja kwenye kisanduku. Hautatoweka kabisa, utachanganyika na rangi iliyo nyuma yake: jeupe linakuwa kijivu, njano inakuwa kama tope. Ndiyo maana wanaoangalia husema "picha imefifia" wakadhani ni mtandao.

Kwa hiyo faili kubwa lina kazi yake, kava lisichakae linapofunguliwa kwa ukubwa au linapoonyeshwa kwenye kompyuta na televisheni. Usomekaji wa jina ni suala jingine. Huo unaamuliwa na sehemu ya mraba ambayo herufi imeikalia. Herufi yenye urefu wa moja ya kumi ya kava itabaki moja ya kumi, uwe umetengeneza kwa pikseli 1400 au 3000.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi hadi mwisho. Tuseme kuna kikundi cha vijana wa Uyole wanaotaka kuzungumza na wakulima wa viazi na parachichi wa Mbeya Vijijini, Rungwe na Njombe. Kipindi wamekiita "Kutoka Shambani Nyanda za Juu Kusini". Kava lao la kwanza ni lile ambalo karibu kila mtu angelitengeneza. Nyuma kuna picha ya shamba la kijani na milima. Kushoto wamesimama watangazaji watatu, kulia kuna maikrofoni kubwa. Jina lote limeandikwa kwa herufi nyekundu zenye ukingo mweupe, na chini yake kuna "Kila Jumamosi saa 2 usiku", namba ya simu, na nembo za waliowasaidia.

Anza na jina. Ukitoa nafasi ya milimita moja kila upande ili herufi zisibanwe na ukingo, kwenye kisanduku cha sentimita moja unabaki na milimita nane za kuandikia. Jina lina maneno sita. Ukiyapanga kwenye mistari minne, mstari wenye "KUTOKA" ni mfupi lakini wenye "SHAMBANI" una herufi nane, na chini bado unahitaji "NYANDA ZA" na "JUU KUSINI". Hata kama jina lingepewa mraba mzima, huo mstari wa mwisho wenye herufi tisa na nafasi moja katikati unazipa herufi zake upana wa milimita 0.8 kila moja. Lakini jina halikupewa mraba mzima, limepewa theluthi ya juu, kwa sababu nafasi iliyobaki imeliwa na watu, maikrofoni na nembo. Urefu wa herufi unashuka chini ya nusu milimita. Hakuna jicho la kuzisoma hizo kwenye simu iliyoshikwa mkononi, achilia mbali ndani ya basi linalopanda Kitonga.

Sasa andika neno moja tu, SHAMBANI, kwa fonti nene na nyembamba kwa upana, zile zinazosimama wima kama zimebanwa kutoka pembeni. Herufi nane kwenye milimita nane ni milimita moja kila herufi, na kwa fonti ya aina hiyo urefu unaweza kufika milimita mbili. Huo ni karibu sawa na herufi kubwa za maandishi ya kawaida gazetini. Tumetoka kwenye kisichosomeka tukafika kwenye kipimo ambacho mtu amezoea kukisoma kila siku, na hatujagusa ubora wa faili hata kidogo.

Hapa watu wengi hushtuka: jina lingine litaenda wapi? Halijapotea. Karibu kila aplikesheni huandika jina kamili la kipindi kwa maandishi yake yenyewe, pembeni au chini ya kava, kwa herufi zinazosomeka vizuri. Msikilizaji ataona SHAMBANI ndani ya mraba na "Kutoka Shambani Nyanda za Juu Kusini" kando yake. Kipo pia kisa ambacho maandishi hayo hayapo: Pocket Casts inaweza kupanga podikasti ulizojiunga nazo kama vigae, makava matupu bila majina. Lakini huko ndiko neno moja kubwa linakofanya kazi kuliko maneno sita madogo.

Kwa majina ya Kiswahili jambo hili lina uzito wake, kwa sababu neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Tunakumbukana" ni neno moja lakini lina herufi kumi na tatu. Kishawishi ni kulikata kwenye mistari miwili, na mara nyingi mkato unavunja maana. Ukikata SHAMBANI ukapata SHAMBA juu na NI chini, msomaji anasoma "shamba ni" akasubiri sentensi iendelee. Neno likizidi herufi tisa au kumi, ni heri kutafuta neno jingine la kubeba kava, hata kama jina la kipindi linabaki lilelile.

Tuje kwenye rangi. Dizaina wetu aliandika kwa nyekundu juu ya kijani, na kwa macho ya haraka rangi hizo zinaonekana kupingana sana. Zinapingana kwa rangi, lakini kwa mwanga ni karibu sawa, na jicho hutambua umbo la herufi ndogo kwa tofauti ya mwanga. Kuna kipimo cha hili kwenye miongozo ya WCAG, inayotolewa na taasisi ya W3C kwa ajili ya tovuti. Nyeupe juu ya nyeusi hupata 21, ambayo ndiyo tofauti ya juu kabisa, na rangi mbili zenye mwanga sawa hupata 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufika angalau 4.5. Nyekundu kamili, `#FF0000`, juu ya kijani cha `#008000` hupata takriban 1.3. Herufi zile zimeandikwa na hapohapo zimefichwa.

Njia ya kuligundua hili bila hesabu yoyote ni kufungua kava kwenye sehemu ya kuhariri picha ya simu yako, kisha ukaondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Jina likiendelea kusomeka, tofauti ya mwanga ipo. Likizama kwenye kijivu, ipo kazi ya kufanya. Njia hii pia inakupa dokezo kama jina litasomeka kwa wale ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na ni hali inayowapata zaidi wanaume.

Ule ukingo mweupe aliouweka dizaina kuzunguka herufi ni dawa inayosaidia kwenye bango, lakini kwenye kisanduku unaleta tatizo lake. Kwa herufi zile ndogo, ukingo wa pikseli 30 kwenye faili unabaki pikseli moja tu, nayo inajaza matundu ya ndani ya A na B hadi herufi zinaonekana kama madoa. Vivuli vya nyuma ya herufi navyo hufanya hivyohivyo. Rangi dhaifu hairekebishwi kwa mapambo, inabadilishwa.

Hadi hapa tumezungumzia kusomeka. Kuonekana ni jambo la pili, na watu hulichanganya na la kwanza. Ukiwa stendi ya Nane Nane pale Mbeya, basi lako unalitambua kwa rangi na umbo lake kabla hujasoma jina kwenye kioo cha mbele. Jina linakuja kuthibitisha tu. Kwenye orodha ya podikasti mambo yako hivyohivyo. Kidole kinapandisha orodha haraka, jicho linanaswa na kisanduku kimoja, kisha ndipo linasoma. Kava linaweza kusomeka vizuri kabisa na bado lisimsimamishe mtu, kwa sababu limefanana na jirani zake.

Ndiyo maana haiwezekani kusema kava linaonekana au halionekani ukilitazama peke yake. Rangi haina nguvu yake yenyewe, ina nguvu ukilinganisha na zilizo jirani. Fungua aplikesheni, andika "kilimo" kwenye utafutaji, piga skrinishoti ya matokeo. Kisha punguza kava lako hadi lilingane na visanduku vile na uliweke juu ya kimojawapo. Kwa mada ya kilimo usishangae ukikutana na kijani, majani, na mtu mwenye kofia shambani. Kijani cha vijana wetu wa Uyole kitazama humo. Fanya zoezi hilohilo kwa mada yako, maana kila mada ina sare yake, na kwenye mahubiri au vichekesho utakutana na sare nyingine kabisa.

Vijana wanaamua kuachana na kijani. Mmoja anapendekeza zambarau iliyokolea, rangi ya ua la aina fulani za viazi, na wazo ni zuri kwa sababu lina mizizi kwenye mada yenyewe. Zambarau ya `#4B0082` yenye herufi nyeupe inapata takriban 13, usomekaji ni wa uhakika. Lakini Spotify kwenye simu ina mandhari ya karibu nyeusi, na zambarau ile ikiwekwa juu yake haifiki hata 1.5. Herufi zinasomeka ilhali mraba wenyewe umeyeyuka gizani, hauna kingo, na jicho linalopita haraka halioni kisanduku. Kava jeupe lina tatizo hilohilo kwa upande wa pili: Apple Podcasts hufuata mpangilio wa simu, na simu ikiwa kwenye mandhari meupe kava jeupe linapoteza kingo zake.

Suluhisho walilofikia ni kugeuza. Nyuma wameweka rangi ya machungwa, `#FF8C00`, na neno SHAMBANI limeandikwa kwa ile zambarau iliyokolea. Tofauti kati ya hizo mbili ni takriban 5.5, juu ya kiwango cha 4.5 na chini ya ile 13 waliyoikataa. Wamepoteza kidogo kwenye kusomeka ili wapate kuonekana, na kwa herufi nene kiasi kile hasara hiyo inavumilika. Machungwa inajitenga vizuri na nyeusi ya Spotify, ina kingo za kutosha juu ya nyeupe, na kwenye orodha ya kilimo ilikuwa peke yake. Ingekuwa mada ambayo wengine wameshaivamia kwa machungwa, jibu lingekuwa jingine.

Waliobaki ni watangazaji watatu na maikrofoni. Maikrofoni iondoke bila mjadala. Watu huiweka ili msikilizaji ajue hii ni podikasti, lakini ndani ya aplikesheni ya podikasti kila kitu ni podikasti. Siku na saa ya kipindi iende kwenye maelezo ya kipindi, na namba ya simu vilevile, kwa sababu mtu hawezi kuibonyeza ikiwa ndani ya picha. Nembo za wafadhili ndizo zenye mgogoro, kwani kuna mtu aliyeahidiwa. Hapo njia ya haki ni kumwonyesha mfadhili nembo yake kwenye simu, kwa ukubwa halisi. Akiona imekuwa doa, kumtaja kwa sauti mwanzoni mwa kila kipindi kutakuwa na thamani zaidi kwake.

Sura za watu zina nguvu ya kweli, sikubaliani na wanaosema ziondolewe zote. Ila watu watatu waliopigwa kuanzia kiunoni kwenye sentimita moja wanakuwa na vichwa vya milimita moja au mbili, na hakuna atakayewatambua. Sura moja iliyokatwa karibu, ikajaza nusu ya mraba, inaonekana macho na tabasamu. Kama watangazaji ni watatu na wote wana haki sawa, ni heri kuchora kitu kimoja cha mada. Vijana wetu wameweka kiazi kimoja kikubwa chini ya neno, umbo rahisi lisilo na vivuli, na wameliacha mbali na pembe kwa sababu aplikesheni nyingi hukata pembe ziwe za mviringo.

Kabla ya kupakia, lipo jaribio linalohitaji mtu mmoja asiyejua jina la kipindi. Weka skrinishoti yenye kava lako katikati ya mengine, punguza mwanga wa kioo kama wanavyofanya wengi kutunza chaji, toka nje kwenye jua, mpe simu aitazame kwa sekunde mbili kwa umbali wa mkono, kisha ichukue. Usimuulize kama ni zuri, maana atakujibu kwa heshima kwamba ni zuri. Muulize amesoma nini na amekumbuka rangi gani. Akisema "Shambani, la machungwa", mambo yote mawili yamefaulu. Akikumbuka rangi bila neno, rudi kwenye unene wa herufi. Akikumbuka kava la jirani, tatizo ni rangi au umbo, na kuongeza ukubwa wa herufi hakutakusaidia.

Na ukishabadilisha kava la zamani, usishtuke likiendelea kuonekana. Aplikesheni huhifadhi nakala ya picha na huenda zisirudi kuangalia kama faili lenye jina lilelile limebadilika. Lipe faili jipya jina jipya, ili anwani yake ibadilike pia kwenye mlisho wa podikasti, yaani faili ambalo aplikesheni hulisoma kupata vipindi na kava lako:

```
<itunes:image href="https://mfano.com/kava-shambani-2.jpg" />
```

Kama unatumia huduma inayokuhifadhia podikasti, mara nyingi itakufanyia hivyo yenyewe unapopakia picha mpya. Halafu subiri, kwa sababu aplikesheni hazisasishi kwa wakati mmoja, na simu ambayo tayari ina nakala ya zamani huwa ya mwisho kubadilika. Kwa hiyo hakiki kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua kipindi chako.